Presha kuka inayovujisha mvuke

Maharage yako jikoni, mvuke unafoka pembeni mwa mfuniko na presha haipandi. Zima moto, subiri mvuke uishe kabisa, ndipo ufungue.

Chomoa mpira wa mfuniko, uoshe kwa sabuni, kisha ukunje kidogo kidogo kwa vidole kuuzunguka wote. Nyufa ndogo huonekana hapo unapokunja. Mpira uliokakamaa, au uliotanuka hadi haukai kwenye mfereji wake, haufai tena. Nunua wa aina na kipimo kilekile.

Mpira ukiwa mzima lakini valvu inafoka mfululizo, angalia ganda la maharage lililonasa kwenye tundu lake. Usikate mpira wa baiskeli kuwa kiraka: hautahimili joto wala presha.