Pombe Iliyomo Ndani ya Siki

Tembo la mnazi likigemwa alfajiri huwa tamu, na hata mtoto angelinywa. Jua likipanda, hamira zilizomo hewani na kwenye kibuyu cha mgema huanza kuila sukari yake, na kufikia jioni limekuwa kali, lina kileo cha asilimia nne au tano hivi, karibu sawa na bia. Likisahauliwa siku kadhaa katika chombo kisichozibwa, halinyweki tena. Linawasha pua, linachoma ulimi, na mnywaji wake wa jana hulisukuma mbali. Limekuwa siki. Huko Goa, siki ya namna hiyo ndiyo inayotiwa katika vindalu. Ufilipino nako hutumika jikoni kila siku.

Safari hiyo ya tembo ndiyo safari ya kila siki ya asili, iwe ya zabibu, ya tufaha, ya mchele au ya miwa. Kwanza sukari hugeuka kileo. Kisha bakteria wanaohitaji hewa hukichukua kileo hicho na kukigeuza asidi ya asetiki, ambayo ndiyo ukali wa siki. Hakuna siki ya asili iliyoruka hatua ya pombe. Kwa hiyo anayeuliza kama siki inatokana na pombe ajibiwe ndiyo, bila kuzungushwa. Swali gumu ni jingine: je, pombe hiyo imekwisha?

Mara nyingi haiishi yote, na kuna sababu ya kiufundi. Bakteria hao wakikosa kileo cha kula huigeukia asidi yenyewe na kuivunja kuwa maji na hewa ya kaboni, na siki hupungua nguvu. Mtengenezaji mzoefu husimamisha kazi kabla ya hapo, akiacha kileo kidogo sana, kwa kawaida chini ya nusu ya asilimia moja. Siki ya mvinyo huweza kuwa na zaidi: viwango vya Ulaya vinairuhusu ifikie asilimia 1.5.

Tuipige hesabu. Mpishi ametia vijiko viwili vikubwa vya siki, yaani mililita 30, kwenye sufuria ya achari. Kama siki hiyo ina nusu asilimia ya kileo, kilichoingia ni mililita 0.15, sawa na matone machache, tena kwa sufuria nzima. Ili mtu apate kileo cha chupa moja ya bia ya nusu lita, ingembidi anywe lita tano za siki, na koo na tumbo lake vingeungua kabla hajamaliza hata glasi chache. Mkate wa hamira na maji ya machungwa navyo huwa na chembe za kileo, na hakuna anayeviita pombe.

Hesabu hii ina uzito katika fikihi, kwa sababu kipimo mashuhuri cha Hadithi ni kwamba kinacholevya kwa wingi, kichache chake pia ni haramu. Wengi husoma kipimo hicho kinyume, wakatafuta tone la kileo ndani ya kila chakula. Kinachoulizwa ni hiki: kitu chenyewe kikinywewa kwa wingi, kinalevya? Siki hailevyi. Na kuhusu kuila hakuna mvutano. Katika Sahihi Muslim, Jabir anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliuliza kitoweo nyumbani, akaambiwa hakuna ila siki, akaiitisha, akaila na kuisifu kuwa ni kitoweo kizuri.

Mvutano uko kwenye namna ilivyopatikana. Anas anasimulia kwamba Abu Talha alimuuliza Mtume kuhusu mayatima waliorithi pombe. Akaambiwa aimwage. Alipouliza kama angeweza kuigeuza siki, akakatazwa, ingawa ilikuwa mali ya mayatima. Wanazuoni wakagawanyika hapo. Mahanafi wanaona kugeuza pombe kuwa siki kunafaa, kwa kuwa dhati ya kitu imebadilika na hukumu yake inabadilika nayo. Wafuasi wa madhehebu ya Jaafari nao wanaikubali.

Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, wanatofautisha. Pombe ikigeuka siki yenyewe, ni tohara, na chombo chake hutoharika pamoja nayo. Hata mtu akikihamisha chombo kutoka juani kwenda kivulini ili kuiharakisha, kauli yenye nguvu ni kwamba siki hiyo ni tohara. Lakini akitia kitu ndani yake, kama chumvi, kitunguu au kipande cha mkate, haitoharishiki. Hoja yao inafuatana vizuri: kilichotiwa kimenajisika kwa pombe, na pombe ikishageuka, kitu kile kimebaki humo kikiinajisi siki upya. Wala hawakuifunga njia ya mtengenezaji. Vitabu vyao vinataja kwamba mtu akitia siki juu ya maji ya matunda ambayo bado hayajachacha, na siki ikawa si chini ya maji hayo, basi yanageuka siki bila kuwa pombe kwanza.

Kwa anayetengeneza siki ya tufaha au ya nanasi nyumbani, kauli hii ni ya vitendo. Na kosa linaloonekana sana majumbani ni kufunga kifuniko kwa nguvu. Bakteria wa siki wakikosa hewa hawafanyi kazi, na aliyedhani ana siki huwa ana mvinyo wa nanasi kabatini. Mdomo wa chombo hufungwa kwa kitambaa safi, na baada ya sukari kuchacha kwa wiki moja au mbili, hatua ya pili huhitaji wiki kadhaa zaidi. Pua husaidia kupima: siki iliyoiva inachoma kwa ukali mkavu. Ikitoa harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, kileo bado kimo pamoja na asidi, na kazi haijakwisha. Utando mnene unaoteleza juu yake, ambao watengenezaji huuita mama wa siki, ni dalili kwamba bakteria wapo. Si uthibitisho kwamba wamemaliza.

Dukani mambo ni mepesi zaidi kuliko hofu zetu. Siki nyeupe ya bei nafuu ama imetokana na kileo cha miwa au nafaka kilichogeuzwa, ama ni asidi ya asetiki ya kiwandani iliyozimuliwa kwa maji, na hiyo ya pili haikupitia pombe ya kunywewa kabisa. Kwa Mshafii mwangalifu, siki ya kumtafakarisha ni ile ya mvinyo, kwa sababu hapo kiwanda kimechukua mvinyo halisi na kuugeuza kwa makusudi, mara nyingi kwa kuuchanganya na siki ya zamani. Mhanafi ataila bila wasiwasi. Anayetaka kutoka katika khitilafu achukue ya tufaha yenye alama ya halali, au ile ya kiwandani.

Chupa moja tu ndiyo isichanganywe na hizo: mvinyo wa mchele wa mapishi ya Kichina na Kijapani, ambao mara nyingine hupangwa rafu moja na siki ya mchele, na jina lake likafanana nayo. Huo haujafika kwenye siki. Una kileo cha zaidi ya asilimia kumi, na hukumu yake ni ya pombe, hata ukitiwa kijiko kimoja.