Duka likikumbwa na mafuriko: Namna ya kuomba benki isimamishe marejesho

Mfanyabiashara aliyekopa hupata hasara mara mbili mafuriko yanapoingia dukani. Mali iliyokuwa ikileta fedha inaharibika, lakini tarehe ya kulipa benki inabaki palepale. Mkataba wa mkopo hausomi hali ya hewa. Ndiyo maana wakopaji wengi hukimbilia kuomba wasimamishiwe marejesho kwa miezi kadhaa. Wapo wanaokubaliwa na kuokoka. Wapo pia wanaokubaliwa na kujikuta na mzigo mzito kuliko ule wa mwanzo, kwa sababu barua yao haikusema walichokuwa wakikihitaji.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kusimamishiwa marejesho si kusamehewa deni. Riba inaendelea kuhesabiwa kila siku ambayo deni la msingi halijalipwa. Kinachobadilika ni tarehe, na mabadiliko hayo yana bei yake.

Hesabu yenyewe

Jumapili ya Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilishusha maji, tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba pamoja na maduka yalifunikwa na tope. Chukua mfano wa hesabu, usiomhusu mtu fulani, wa muuza vifaa vya ujenzi katika mji huo. Siku hiyo anadaiwa na benki deni la msingi la sh. 8,000,000. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, na amebakiza marejesho 12, kila moja likiwa takriban sh. 756,500, linalokatwa tarehe 20 ya mwezi. Kutoka siku ya maafa hadi rejesho linalofuata ana siku 17.

Akiomba miezi mitatu, yaani Desemba, Januari na Februari, benki inaweza kumkubalia kwa njia tatu zisizofanana.

Njia ya kwanza ni kusimamisha deni la msingi peke yake. Kila mwezi analipa riba tu, sh. 160,000. Machi anarudi kwenye rejesho lake la zamani la sh. 756,500 kwa miezi 12. Gharama ya ahueni hiyo ni riba ya miezi mitatu, sh. 480,000.

Njia ya pili ni kusimamisha kila kitu na kusogeza mwisho wa mkopo mbele kwa miezi mitatu. Hapa halipi hata senti hadi Machi, lakini riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni, nayo inazaa riba nyingine. Deni linafika sh. 8,489,664. Likigawanywa kwa miezi 12, rejesho linakuwa takriban sh. 802,800. Mwisho wa yote atakuwa amelipa kama sh. 555,600 zaidi ya mpango wa awali.

Njia ya tatu ndiyo mtego. Benki inasimamisha kila kitu kwa miezi mitatu, lakini tarehe ya mwisho ya mkopo haisogezwi. Deni lilelile la sh. 8,489,664 sasa linalipwa kwa miezi tisa badala ya 12, na rejesho linaruka hadi takriban sh. 1,040,100. Kwa jumla riba ya ziada ni ndogo kuliko ya njia mbili za kwanza, kama sh. 283,300, na wapo maofisa mikopo wanaoisifia kwa sababu hiyo. Lakini duka linaloinuka kutoka kwenye tope halitaweza kutoa zaidi ya milioni moja kila mwezi wakati kabla ya mafuriko lilikuwa likitoa robo tatu ya kiasi hicho.

Mkopaji mwenye mapato kidogo anafaa njia ya kwanza, kwa kuwa ni nafuu kuliko ya pili. Asiye na mapato kabisa anafaa ya pili. Kwa hiyo barua inayosema tu "naomba nisimamishiwe marejesho kwa miezi mitatu" haijakamilika. Inaiachia benki ichague njia.

Kwa nini benki ikubali

Benki hailazimiki kukubali, isipokuwa kama mkataba umesema hivyo. Lakini ina sababu zake. Kwa kawaida mkopo wa benki ukikaa zaidi ya siku 90 bila kulipwa huingizwa katika mikopo chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa. Fedha hizo hupunguza faida, na mwenye hisa huona matokeo yake wakati wa gawio. Mkopo uliopangwa upya mapema, kwa mteja ambaye duka lake litafufuka, unaigharimu benki kidogo kuliko kupiga mnada dhamana katika mji ambao kila mtu amekumbwa na maafa na wanunuzi hawapo.

Hapo ndipo uzito wa ushahidi ulipo. Ofisa mikopo anayeandika mapendekezo kwa kamati ya mikopo anatafuta majibu ya maswali matatu: biashara ilikuwa hai kabla ya maafa? Maafa yaliipiga kwa kiasi gani? Itaanza kuingiza fedha lini? Ombi lenye majibu ya swali la pili pekee, yaani picha za tope na barua ya serikali ya mtaa, hukwama mara nyingi.

Ushahidi wa kabla

Taarifa ya akaunti ya miezi sita, pamoja na ya simu kwa wanaopokea malipo kwa njia hiyo, inaonyesha mauzo yalivyokuwa na kwamba marejesho yalilipwa kwa wakati. Mwenye malimbikizo ya kabla ya mafuriko ayataje mwenyewe, kwani benki inayaona kwenye kompyuta. Akiyaficha, hata sehemu ya kweli ya maelezo yake itatiliwa shaka.

Thamani ya mali iliyokuwa dukani inathibitishwa na risiti za manunuzi. Kama zimelowa, wauzaji wa jumla wana nakala, na mauzo yaliyopita kwenye mashine ya EFD yana kumbukumbu TRA. Hesabu hizi lazima zikubaliane. Mtu anayedai kupoteza mali ya milioni 20 wakati manunuzi yake ya miezi sita hayafiki milioni 12 amejiharibia ombi.

Ushahidi wa tukio

Picha zipigwe kabla ya kusafisha. Zionyeshe kibao cha duka, alama ya maji ukutani na mali mahali ilipokuwa. Picha ya saruji iliyoganda, isiyoonyesha duka ni la nani, haithibitishi kitu.

Barua ya mtendaji wa kijiji, mtaa au kata ni ya lazima, lakini yaliyomo ndiyo yanayohesabika. Barua inayosema "eneo letu lilikumbwa na mafuriko" inaeleza jambo ambalo benki imekwisha kulisikia redioni. Inayofaa inataja jina la mwenye duka, mahali lilipo, tarehe, na kwamba ofisi ilifika ikaona uharibifu. Kamati ya maafa ikifanya tathmini, mfanyabiashara ahakikishe duka lake limo kwenye orodha. Nyaraka zilizopotea, kama leseni au hati, zitolewe taarifa polisi.

Orodha ya mali igawe vilivyoharibika kabisa na vilivyosalimika. Katika duka la mfano, saruji imekwisha, lakini mabati yanaoshwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Kuyataja mabati hakupunguzi nguvu ya ombi. Kunaonyesha fedha ya kwanza itatoka wapi.

Mwenye bima atoe taarifa kwa kampuni yake mara moja, na asitupe mali iliyoharibika kabla mkaguzi hajaiona. Nakala ya taarifa hiyo iambatishwe, kwa kuwa benki nyingi zina haki juu ya fidia ya mali iliyowekwa dhamana.

Ushahidi wa baadaye

Ukurasa mmoja unatosha: lini duka litafunguliwa, mtaji wa kuanzia utatoka wapi, mauzo ya kila mwezi yanatarajiwa kuwa kiasi gani, na baada ya gharama kinabaki nini. Idadi ya miezi inayoombwa itoke kwenye ukurasa huu. Kama hesabu inaonyesha duka litaweza kulipa kuanzia Machi, kuomba miezi sita kutaonekana ni tamaa, na kuomba mmoja kutamrudisha mkopaji benki kuomba tena.

Barua na yanayofuata

Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi: "Naomba marejesho ya Desemba 20, Januari 20 na Februari 20 yasimamishwe, riba ya kipindi hicho iongezwe kwenye deni, na mwisho wa mkopo usogezwe kutoka Novemba 20, 2024 hadi Februari 20, 2025. Naomba pia adhabu ya ucheleweshaji isitozwe kwa kipindi hicho, na makato ya akaunti yangu yasitishwe hadi ombi hili litakapojibiwa."

Sentensi ya mwisho ina sababu. Makato hufanywa na mtambo, nao haujui kwamba kuna barua mezani kwa meneja. Ndugu akituma fedha za kununua chakula kwenye akaunti ileile, tarehe 20 zinakwenda na rejesho.

Barua ifike kabla ya tarehe ya rejesho, hata kama vielelezo havijakamilika, na mkopaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Vielelezo vingine vinaweza kufuata. Siku za ucheleweshaji huanza kuhesabiwa rejesho linapokosekana, na ucheleweshaji huo unaweza kuingia katika kumbukumbu za wakopaji ambazo wakopeshaji wengine watazisoma.

Benki ikikubali, neno la ofisa mikopo halitoshi. Kinachotakiwa ni nyongeza ya mkataba iliyosainiwa pamoja na jedwali jipya la marejesho. Mkopaji aangalie mistari miwili kabla ya kusaini: kiasi cha rejesho la kwanza baada ya mapumziko, na tarehe ya mwisho. Kama rejesho limeruka kama lile la sh. 1,040,100, basi tarehe haikusogezwa. Mdhamini naye ataitwa kusaini, kwa kuwa kisheria masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa yake anaweza kujitoa katika udhamini. Ni vema aelezwe mapema, asisikie kwa benki.

Ikikataa, mkopaji aombe sababu kwa maandishi. Mara nyingi kilichokosekana ni kielelezo kimoja au ni idadi ya miezi, na ombi linaweza kurekebishwa. Asichopaswa kufanya ni kukopa kwingine kwa riba kubwa zaidi ili kulipa rejesho la Desemba, kwa sababu Januari atakuwa na tarehe mbili za kulipa na duka lilelile lililojaa tope.