Kizidishi cha ongezeko la watu: LOGEST na GROWTH katika takwimu za Kongo na Goma

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho ya watu mwaka 1984, na tangu hapo kila idadi inayotajwa kuhusu nchi hiyo au mji wa Goma ni makadirio. Kwa hiyo anayepanga mabomba ya maji au madarasa hana budi kuchora mwelekeo kutokana na nukta chache, na katika Excel kazi hiyo hufanywa na fomula mbili, LOGEST na GROWTH, ambazo kwenye kompyuta zenye Excel ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Goma, huitwa LOGREG na CROISSANCE.

Fomula zote mbili huchukulia kwamba idadi hukua kwa kuzidishwa, yaani kila mwaka watu huongezeka kwa sehemu ileile ya waliokuwapo, si kwa idadi ileile. LOGEST hurudisha namba mbili za mlinganyo y = b·m^x: m ni kizidishi cha mwaka mmoja, na b ni idadi pale x inapokuwa sifuri. GROWTH hutumia mlinganyo huohuo kutoa idadi ya mwaka unaoulizwa. Ili kuzipata namba hizo, Excel hugeuza kila idadi kuwa logarithimu, kisha hupitisha mstari ulionyooka unaozikaribia nukta zote kwa pamoja. Ndiyo maana sifuri au namba hasi moja tu hutosha kuleta kosa la #NUM!, kwa kuwa hazina logarithimu.

Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2022, yakikaribishwa kwenye milioni kamili, yanaipa Kongo nzima watu milioni 36 mwaka 1990, 49 mwaka 2000, 66 mwaka 2010 na 93 mwaka 2020. Katika safu A inafaa kuandikwa 0, 10, 20 na 30 badala ya miaka yenyewe, kwa sababu x ikiwa 1990, b itakuwa idadi ya watu iliyorudishwa nyuma hadi mwaka sifuri, namba ndogo mno isiyo na maana yoyote. Idadi zikiwa katika safu B, huandikwa:

```
=LOGREG(B2:B5;A2:A5)
=CROISSANCE(B2:B5;A2:A5;35)
=INDEX(LOGREG(B2:B5;A2:A5;VRAI;VRAI);3;1)
```

Fomula ya kwanza hutoa m ya karibu 1.032, yaani ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, ambalo huifanya idadi kuwa maradufu kwa takriban miaka 22, na b ya karibu milioni 35.8. Ya pili hutoa karibu milioni 107.6 kwa mwaka 2025. Ya tatu hutoa kipimo cha R², kinachoonyesha jinsi nukta zilivyoshikana na mstari, nacho ni karibu 0.999.

Kipimo hicho kizuri kisimlaze msomaji. Mstari unatoa milioni 67.1 kwa mwaka 2010, zaidi ya 66 za makadirio, na 91.9 kwa mwaka 2020, chini ya 93. Nukta ya kwanza nayo iko juu kidogo ya mstari. Ncha zikiwa juu na katikati ikiwa chini, ni dalili kwamba kasi yenyewe imekuwa ikipanda, na kweli kati ya 2010 na 2020 peke yake ilikuwa karibu asilimia 3.5, kasi ambayo ingefikisha milioni 110 mwaka 2025. Tofauti hizi hazina budi kuandikwa katika safu ya pembeni na kutazamwa alama zake, kwa sababu R² haizionyeshi.

Goma ina tatizo zito zaidi, kwa kuwa idadi yake haikupanda kwa uzazi na uhamiaji wa kawaida tu: Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache, Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza sehemu ya mji, na vita vya M23 vilijaza kambi za pembezoni kabla ya kambi nyingi kuvunjwa mwanzoni mwa 2025. Tuseme, kwa zoezi tu, kwamba kartie moja ilihesabiwa kuwa na kaya 100, 104, 108 na 112 kwa miaka minne mfululizo, kisha ikapokea waliokimbia vita na kufika 180. Miaka minne ya kwanza hutoa m ya 1.038, lakini ukiiongeza ya tano, m hupanda hadi 1.133, na miaka kumi mbele kizidishi hiki cha pili kinazidisha kaya karibu mara tatu na nusu, ilhali cha kwanza hakifiki hata mara moja na nusu. Nukta hiyo moja haikuonyesha kuzaana, ilionyesha vita. Wenyeji wapewe safu yao ya LOGREG, na waliohamishwa wahesabiwe katika safu nyingine isiyopitishiwa mstari, ikijumlishwa na ya kwanza kila kambi inapohesabiwa upya.