Buda, Nywele Yako ni Nene Ama ni Mingi? Jua Tofauti Kabla Mashine Iwashwe

Ingia kinyozi yoyote ya mabati huko Raila, Kibera, ama shuka Kawangware 46, na lazima utaskia msee akiambiwa, "Buda, nywele yako ni nzito." Shida ni kwamba hilo neno linabeba vitu viwili tofauti. Linaweza kumaanisha kila unywele, ukiushika pekee yake, ni mnene. Ama linaweza kumaanisha nywele zimejipanga kwa kichwa zikikaribiana, hata kama kila moja ni nyembamba ka uzi wa buibui. Hivyo ndivyo watu huchagua staili ya mtu mwingine.

Kujua yako haihitaji pesa. Osha kichwa kwanza na ukauke vizuri, ju mafuta hushikanisha nywele na kuonyesha ngozi hata penye ziko mingi. Kwa unene, chukua unywele mmoja uliotoka kwa kitana, uubingirishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikosa kuuskia kabisa, ni mwembamba. Ukiuskia waziwazi, karibu ka uzi wa kushona, huo ni mnene. Kwa wingi, simama chini ya balbu, mtu akuangalie kutoka juu bila kupasua nywele. Ngozi ikionekana haraka, ni chache. Mwambie aangalie utosi, kisogo na juu ya masikio, ju kichwa kimoja kinaweza kuwa na msitu nyuma na uwanja mbele, hasa kwa madem waliosukwa matuta ya kukazwa miaka mingi.

Na usidanganywe na afro. Vichwa vya Waafrika kwa wastani vina kama nywele 190 kwa kila sentimita mraba, kidogo chini ya Wazungu, wenye huwa karibu 230. Ni ule mviringo wa nywele zetu hufunika ngozi na kufanya zikae mingi.

Sasa tuseme wasee wawili wameingia pamoja, wote wanaitwa "nywele nzito". Wa kwanza ana nywele nyembamba lakini mingi. Anataka boksi, ile ya kusimama wima na kona kali ya miaka ya 80 na 90. Kinyozi anaikata poa, inatoka kiti ikiwa safi, lakini kufika jioni kona zimeanguka. Boksi inasimamishwa sana na nguvu ya kila unywele, si idadi pekee. Nyembamba zikirefuka zinajikunja zenyewe. Huyu angechukua feidi. Kwa sababu nywele zimekaribiana, hata gadi namba 1, yenye huacha kama milimita 3, bado inatoa weusi, so kinyozi ana rangi ya kupunguza polepole hadi kwa ngozi.

Msee wa pili ni kinyume. Unywele mmoja wake ni ka waya, lakini chini ya balbu ngozi inaonekana. Boksi fupi inaweza kumkubali kiasi, kama juu zimejaa. Feidi ya kupanda juu ndio itamchoma. Feidi ni mchezo wa weusi kuisha pole pole, na yeye akiwekwa namba 1 ngozi ishatokea tayari. Inakuwa juu kuna kofia, kando kuna upara, na katikati hakuna kitu. Dawa yake ni kuacha kando namba 2, ile milimita 6, kisha kupunguza tu karibu na masikio na kisogoni. Na kinyozi asikimbize laini ya paji la uso ikirudi nyuma akitafuta unyoofu. Huko mbele nywele ni chache, na kila wiki akisukuma kidogo, paji linazidi kuwa refu.

Kama utosi ndio umeanza kupungua, usiache kando zikiwa refu ukidhani unaficha. Kando nyeusi hufanya utosi uonekane mweupe zaidi. Punguza kando, ama nyoa kichwa chote namba 1, tofauti inapotea.

Huyo mwenye waya bado ana kazi moja, kisogo. Nywele nene zenye mviringo zikikatwa chini kabisa, ncha kali inaweza kurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Mwambie kinyozi asipitishe mashine tupu hapo mara tatu nne akitafuta ulaini, aache angalau milimita moja, na asitumie wembe. Vipele vikianza kuwa vigumu na kuacha kovu lenye limevimba, spiriti haitasaidia hapo. Ni daktari wa ngozi, na kisogo kikae bila kunyolewa kwanza.