Usipitilize Kituo Chako Usiku

Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha katika Tanzania. Abiria wengi hulala njiani. Ukilala sana, basi litapita kituo chako. Utashushwa mbali, gizani, pamoja na mizigo yako, na nauli ya kurudi utalipa mwenyewe.

Simu ya kupapasa inaweza kukuamsha. Kengele hii haifuati saa. Inafuata mahali. Basi likichelewa njiani, nayo inasubiri.

Kengele hii inafanyaje kazi?

Simu hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti zilizo juu angani. Kwa mawimbi hayo inajua mahali ilipo, hata pasipo bando. Wewe unaweka alama kwenye ramani, mahali unapotaka kushuka. Kisha unachora duara kuzunguka alama hiyo. Simu ikiingia ndani ya duara, inalia.

Jitayarishe nyumbani

Programu ya kazi hii pakua kabla ya safari, maana kupakua kunahitaji bando. Tafuta kwa maneno haya: location alarm. Kama wewe si mzoefu, mwombe kijana anayejua akusaidie.

Simu itauliza kama programu hiyo iruhusiwe kujua mahali ulipo. Chagua iruhusiwe wakati wote. Kwa Kiingereza huandikwa: Allow all the time. Ukichagua wakati wa kuitumia tu, huenda kengele isilie kioo kikizimika. Zima pia ule mpango wa simu wa kuokoa chaji, kwa sababu huzuia programu kufanya kazi wewe ukiwa umelala.

Kisha ijaribu. Weka alama sokoni, chora duara dogo, weka simu mfukoni na utembee kwenda huko. Isipolia, rekebisha kabla ya siku ya safari.

Duara liwe kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuseme mama mmoja anatoka Dar es Salaam usiku kwenda Gairo. Basi linaendelea mpaka Dodoma. Akipitiliza Gairo, atabebwa hadi Kibaigwa au Dodoma kwenyewe.

Mama huyu anachora duara la kilomita 1 kutoka stendi. Anaona inatosha. Lakini simu haitazami mahali ilipo kila wakati, kwa sababu inatunza chaji. Huenda ikatazama mara moja tu kila dakika 3. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita kilomita 4 katika dakika hizo 3. Duara lake lina upana wa kilomita 2 tu. Basi laweza kuingia na kutoka kabla simu haijatazama. Kengele haitalia, au italia Gairo ikiwa nyuma.

Sasa achore duara la kilomita 10. Kwa mwendo ule ule, basi hutumia dakika 7 na nusu kutoka ukingo wa duara hadi stendi. Hata simu ikichelewa dakika 3, zimebaki zaidi ya 4. Anaamka, anavaa viatu, anakusanya mizigo na kumwita kondakta.

Simu hupima duara kwa mstari ulionyooka. Barabara ikiwa na kona nyingi, kengele italia mapema zaidi. Hilo si kosa. Kuamka mapema ni afadhali kuliko kupitiliza.

Mambo ya kuangalia ndani ya basi

Hakikisha alama iko mahali penyewe. Vijiji vingi vina majina yanayofanana. Kuza ramani mpaka uone barabara kuu na mji wako.

Usiiweke simu ndani ya mzigo chini ya kiti. Bati la basi huzuia mawimbi. Iweke mfukoni au karibu na dirisha. Ongeza sauti ya kengele na uwashe mtetemo. Chomoa vile vya masikioni, kwani vikidondoka ukiwa usingizini huenda usisikie kitu.

Anza safari simu ikiwa imejaa chaji. Simu ikizimika, hakuna kengele.

Kwa hiyo usitegemee jambo moja. Mwulize kondakta basi hufika kituo chako saa ngapi. Akisema saa 10 alfajiri, tega pia kengele ya saa ya kawaida ilie saa 9 na nusu. Hiyo hata simu ya vitufe inaweza. Tena mwambie kondakta na jirani yako wa kiti unaposhukia.

Ukiamka, usishuke kwa sababu kengele imelia tu. Kengele inasema umekaribia, haisemi umefika. Tazama nje, uliza jina la mahali, kisha ndipo ushuke.