Kurenda kwa Laptopu Dhaifu: Anza na Dirisha, Sampuli Baadaye

Tuchukue sebule ya kawaida iliyojengwa ndani ya Blender. Kuta ni nyeupe, kuna dirisha moja kubwa la kioo linaloingiza jua la asubuhi, sofa, mkeka wa ukili sakafuni na taa ya mezani. Mbunifu wake anatumia laptopu yenye kori nne na RAM ya GB 8, isiyo na kadi ya grafiki ya kujitegemea. Anabonyeza F12 ili kompyuta ikokotoe picha, yaani irende, na baada ya saa nzima picha inatoka imejaa chenga. Anaongeza sampuli, anasubiri saa nyingine tatu, na chenga bado zipo.

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuanza kutafuta pesa za mashine mpya. Nasikitika kila ninapoliona hilo, kwa sababu mara nyingi kinachokwamisha kazi ni kile kioo cha dirisha, na kukirekebisha hakugharimu hata shilingi.

Chenga zinatoka wapi

Cycles, injini ya kurenda iliyoingia katika Blender mwaka 2011, hufuata safari ya mwanga kinyumenyume. Njia inaanzia kwenye kamera, inapita kwenye pikseli moja na kugonga kitu, tuseme ukuta. Pale ukutani Cycles hufanya mambo mawili. Kwanza inarusha mwale moja kwa moja kuelekea kwenye taa au jua kuuliza kama kuna kizuizi katikati. Kisha inachagua upande wowote kwa kubahatisha na kuendelea na safari, ili ione ni mwanga gani unaodunda kutoka sehemu nyingine za chumba. Safari moja kamili ndiyo sampuli moja, na rangi ya pikseli ni wastani wa sampuli zake zote.

Ni kama kutafuta bei ya nyanya sokoni. Ukiuliza wauzaji watatu unaweza kuangukia walio ghali watupu, lakini ukiuliza mia moja utakuwa karibu na bei halisi. Chenga ni pikseli jirani zilizouliza wauzaji wachache, kila moja ikaondoka na jibu lake.

Ubaya ni kwamba kuongeza sampuli kunalipa kidogo kidogo. Ili chenga zipungue kwa nusu, unahitaji sampuli mara nne. Ili zibaki robo, unahitaji mara kumi na sita. Blender huja na kikomo cha sampuli 4096 katika Max Samples. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, kwa hiyo kikomo hicho kinaweza kufika safari zaidi ya bilioni 8. Ukishuka hadi 256, kazi inakuwa sehemu moja ya kumi na sita, na chenga zinaongezeka mara nne tu. Kwa laptopu dhaifu, biashara hiyo ina faida kubwa, ila kwanza chanzo cha chenga kiondolewe.

Kioo kinachofunga njia

Rudi kwenye ule mwale unaorushwa moja kwa moja kuelekea kwenye jua. Ukikutana na kioo halisi chenye kupinda mwanga, Cycles huhesabu kwamba umezuiwa, hata kama sisi tunaona kioo ni angavu. Mwanga wa jua sasa hauwezi kufika ndani ila kwa njia ya kubahatisha: safari itoke ukutani, ipite kwenye kioo na kuangukia jua lenyewe, ambalo ni duara dogo mno angani. Safari nyingi zinakosa. Chache zinazopata hurudi na mwanga mkali kupita kiasi, na pikseli zake huwaka kama vidoa vyeupe vilivyotawanyika ovyo. Ukiviona vidoa hivyo hata baada ya sampuli nyingi, jua kwamba mwanga hauna njia rahisi ya kuingia.

Tiba ni fupi. Chagua kioo cha dirisha, nenda Object Properties, fungua Visibility kisha Ray Visibility, na uondoe alama kwenye Shadow na Diffuse. Kamera itaendelea kukiona kioo na mng'ao wake, lakini mwale wa kuulizia jua utapita bila kizuizi. Jua litatua sakafuni likiwa safi kuanzia sampuli za mwanzo. Glopu ya kioo kwenye taa ya mezani ifanyie vivyo hivyo, au iondoe kabisa kama haionekani chini ya kivuli cha taa.

Linabaki anga, yaani ule mwanga laini wa samawati unaotoka kwenye World. Cycles haijui kwamba anga linaingia kwa dirisha tu, kwa hiyo hurusha miale mingi inayoishia kwenye kuta. Weka taa ya aina ya Area yenye ukubwa wa dirisha, itazame ndani, kisha uweke alama kwenye Portal. Taa hiyo haitoi mwanga wake yenyewe. Kazi yake ni kuielekeza Cycles iulizie anga kupitia uwazi ule. Kila sampuli itachukua muda mrefu kidogo, lakini utahitaji sampuli chache kwa usafi uleule. Inafaa ndani ya nyumba. Nje uwanjani haina faida.

Kuta nyeupe zinadai midundo

Ushauri unaosikika sana ni kupunguza Max Bounces, yaani idadi ya mara mwanga unaruhusiwa kudunda. Ushauri huo hautegemei mashine peke yake, unategemea rangi ya kuta. Tuseme ukuta mweupe unarudisha asilimia 80 ya mwanga. Baada ya midundo minne bado kuna asilimia 41 unaozunguka chumbani. Ukiukata baada ya mdundo mmoja, pembe za chumba zinakuwa nyeusi na sebule inafanana na stoo. Lakini kama kuta zinarudisha asilimia 20 tu, baada ya midundo miwili imebaki asilimia 4, na kuendelea kukokotoa ni kupoteza muda.

Kwa sebule yetu nyeupe ningeiacha Diffuse kwenye 4, kama Blender inavyokuja nayo, na kushusha Glossy hadi 2, kwa kuwa hakuna vioo viwili vinavyotazamana. Halafu ningezima Reflective na Refractive chini ya Caustics. Hizo ndizo zinazochora mwanga uliokusanywa na glasi au chuma na kumwagwa mezani, na ndizo zinazozaa vidoa vyeupe kwa wingi. Tahadhari: ukizima Refractive kabla ya kurekebisha kioo cha dirisha, mwanga wa jua hautaingia kabisa.

Kifuta chenga na mipaka yake

Sasa ndipo tunapogusa sampuli. Weka Max Samples 256, pandisha Noise Threshold kutoka 0.01 hadi 0.05, na uwashe Denoise. Noise Threshold huiambia Cycles iache kuishughulikia pikseli iliyokwisha kuwa safi. Ukuta ulio kwenye jua unamalizwa mapema, na nguvu inaelekezwa kwenye pembe yenye kivuli nyuma ya sofa. Chenga zinazobaki zinafutwa na OpenImageDenoise ya Intel, ambayo inafanya kazi kwenye prosesa ya kawaida bila kadi ya grafiki.

Kifuta chenga hukisia. Kwenye ukuta mtupu kinakisia vizuri sana. Kwenye mkeka, ambako nyuzi za ukili ni nyembamba kama chenga zenyewe, kinaweza kufuta msuko na kuacha bapa lililopakwa rangi. Ikague picha kwa ukubwa wake kamili: tazama mkeka, kitambaa cha sofa, na ukingo wa kivuli. Msuko ukiwa umeyeyuka, hakikisha Passes imewekwa Albedo and Normal, ili kifutaji kipewe rangi halisi na umbo la kila kitu. Isipotosha, panda hadi sampuli 512. Usirudi 4096.

Pima kabla ya kulala

Usiiache laptopu ikirenda usiku kucha bila kujua itamaliza lini. Kwenye Output Properties punguza azimio hadi asilimia 50. Upana na urefu vikikatwa nusu, pikseli zinabaki robo. Tuseme jaribio la sampuli 64 limechukua dakika 2. Picha kamili ina pikseli mara nne, na sampuli 256 ni mara nne tena, kwa hiyo tarajia muda mara kumi na sita, kama dakika 32. Noise Threshold inaweza kuupunguza zaidi. Kukagua kona moja, bonyeza Ctrl+B ukiwa ndani ya kamera, zungushia mkeka, na urende kipande hicho peke yake.

Muda ukizidi sana makadirio, tazama RAM. Picha moja ya ngozi ya sofa yenye pikseli 4096 kwa 4096 hula takriban MB 64 ikishafunguliwa, hata kama faili lake la JPG ni dogo. Zikiwa kumi ni MB 640. Ukishusha kila moja hadi 1024 inakula MB 4, na kwa sofa iliyo mbali na kamera hakuna atakayeona tofauti. RAM ikijaa, kompyuta huanza kutumia diski badala yake. Utalitambua hilo prosesa inapoonyesha kazi ndogo huku diski ikihangaika. Kufungua Blender bila dirisha lake kunaokoa kumbukumbu zaidi. Hifadhi faili, funga programu zote, kisha andika kwenye terminali:

```
blender -b sebule.blend -o //picha_ -F PNG -f 1
```

Kama ni video

Hesabu ya picha moja haihamishiki kirahisi kwenye video. Sekunde 10 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 240. Kwa dakika 32 kila fremu, hiyo ni saa 128, zaidi ya siku tano bila kuzima. Tena kifuta chenga hukisia upya kwenye kila fremu, kwa hiyo kuta zinaweza kuonekana zikitetemeka.

Hapo ni busara kuhamia EEVEE, injini nyingine ya Blender inayokadiria mwanga kwa njia za mkato, ilimradi grafiki za laptopu yako zinaikubali. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis, iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025, ilirendwa kwa EEVEE. Mwanga unaodunda hautakuwa sahihi kama wa Cycles, na itabidi uongeze taa laini kwa mkono pale ambapo ukuta mweupe ungeangaza wenyewe. Kwa picha moja ya kumwonyesha mteja sebule yake, baki na Cycles. Kwa mteja anayetaka kuona kamera ikitembea mlangoni hadi dirishani, kubaliana naye mapema juu ya EEVEE, na umwonyeshe fremu moja ya kila injini kabla hajalipa.