Mkalimani Mbele ya Daktari

Mama Mkongo aliyehamia Marekani anamwambia daktari: "Kifua kinanibana nikipanda ngazi, wiki tatu sasa." Mkalimani anasema kwa Kiingereza vilevile, "kinanibana", si "anasema kinambana", ili wawili hao wazungumze wao kwa wao. Kwenye kijidaftari ameandika "kifua, ngazi, wk 3" tu. Tarakimu na majina ya dawa ndiyo husahaulika upesi. Mengine hushikwa na mtiririko wa maelezo.

Daktari anataja anjina. Mkalimani halijui neno hilo, na kubahatisha "pumu" kungempotosha mgonjwa kabisa. Anasema, "Mkalimani anaomba daktari aeleze neno hilo," kisha anamweleza mama alichouliza. Hajiiti "mimi", kwa sababu chumbani humo "mimi" ni mgonjwa au daktari. Daktari anafafanua: maumivu ya moyo usiopata damu ya kutosha. Mkalimani anayafikisha hayohayo. Miadi ikiisha, anachana karatasi.